Utangulizi wa Uchunguzi Kifani: Mfano wa Karagita

Utangulizi wa uchunguzi kifani katika elimu hauna budi kujibu maswali matatu: ni mahali gani, ni watu gani, na kwa nini hao wala si wengine. Jibu la tatu ndilo hupungua mara nyingi, na likipungua, mawili ya kwanza hayana cha kuyaongoza.

Na uchukuliwe mfano huu, uliotungwa kwa ajili ya maelezo: “Utafiti ulifanywa Karagita, mtaa wenye matatizo mengi karibu na Naivasha. Walimu na wanafunzi walihojiwa kuhusu lugha ya kufundishia. Karagita ilichaguliwa kwa kuwa inafikika kwa urahisi.”

Maneno “matatizo mengi” ni hukumu, si maelezo ya mahali. “Walimu na wanafunzi” hayaonyeshi idadi, darasa, wala jinsi walivyopatikana. Sababu iliyotolewa nayo yahusu nafuu ya mtafiti, si swali lake.

Kuandika upya huanzia kwenye swali. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha inayotawala katika eneo la shule. Karagita wengi walihamia kutoka sehemu mbalimbali za Kenya wakifuata kazi katika mashamba ya maua. Hapo basi, lugha ya eneo ni ipi? Swali hilo ndilo linaloamua kipi kibaki: mashamba ya maua yanabaki, kwa kuwa yanaeleza mchanganyiko wa lugha, hali ya barabara inaondolewa, hata ikiwa ni mbaya kweli.

Utangulizi mpya waweza kuwa hivi: “Uchunguzi huu unahusu darasa la pili katika shule moja ya msingi ya Karagita, mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua kando ya Ziwa Naivasha, ambao watoto wake wana lugha za kwanza tofauti. Walishiriki walimu 2 wa darasa hilo na watoto 12, yaani 3 kutoka kila moja ya makundi manne makubwa ya lugha darasani. Karagita ilichaguliwa kwa sababu sera ya lugha ya eneo hukutana hapo na eneo la lugha nyingi. Miongoni mwa shule zake, iliteuliwa ile ambayo mtafiti alikuwa ameizoea.”

Nafuu ya mtafiti haikufichwa. Imewekwa mahali pake, baada ya sababu ya kitaaluma. Jina la shule limeachwa ili kuwasitiri walimu wawili ambao wangetambulika mara moja.

Kipimo ni rahisi: jina la Karagita libadilishwe kwa la mji mwingine wowote. Utangulizi wa kwanza utasimama bila kuguswa. Wa pili utaanguka. Hata hivyo, mahali palipochaguliwa kwa mchanganyiko wake hapawezi kusemea kijiji chenye lugha moja, na mipaka hiyo yafaa itajwe papo hapo.