Chuma kinachoua nyota

Tarehe 23 Februari 1987, yapata saa nne na dakika 35 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, tangi la tani 3,000 za maji lililokuwa chini kabisa ya mlima huko Kamioka, Japani, lilinasa mimweko 11 ya nuru ndani ya sekunde 13. Kila mmweko ulikuwa alama ya nyutrino, chembe inayoweza kupenya dunia nzima bila kugusa kitu. Mtambo wa Marekani ulinasa 8, na ule wa Baksan, katika milima ya Kaukazi, ukanasa 5. Kabla siku moja haijapita nyota mpya ikaonekana kwa macho matupu katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu.

Nyutrino zilitangulia kwa sababu nyota haianzi kulipuka kwa nje. Huanza kwa kuporomoka ndani.

Nyota iliyokufa ilishakuwa na jina, Sanduleak -69 202. Ilizaliwa na uzito wa Jua mara 18 hadi 20. Katika maisha yake yote mvutano uliibana kuelekea ndani, na joto la kitovu likausukuma mzigo huo nje. Joto hilo hutokana na viini vya atomu kuungana: haidrojeni huwa heli, heli huwa kaboni na oksijeni, na mambo huendelea hivyo hadi silikoni. Kila hatua ni fupi kuliko iliyotangulia. Haidrojeni huitosha nyota ya namna hii takriban miaka milioni 10, ilhali silikoni humalizika kwa siku chache tu.

Silikoni ikiisha, kinachobaki ni chuma na jamaa zake. Hapo ndipo njia inapofungwa. Viini vyepesi vikiungana hutoa nishati, lakini viini vya chuma vimeshikamana mno hata kuviunganisha hugharimu nishati badala ya kuizalisha. Basi chuma hurundikana katikati kama majivu yanayojaa jikoni hadi moto ukakosa pa kuwaka.

Kwa muda rundo hilo hushikiliwa na elektroni, ambazo kwa asili yake hazikubali kusongamana kupita kiasi. Mwaka 1930 kijana wa Kihindi aitwaye Subrahmanyan Chandrasekhar, akiwa melini kuelekea Uingereza, alipiga hesabu iliyoonyesha kwamba ukinzani huo una kikomo. Leo kikomo hicho huwekwa karibu na uzito wa Jua mara 1.4. Kitovu cha chuma kikikaribia hapo, elektroni huanza kumezwa na protoni, zikabaki nyutroni na nyutrino. Nguzo imeondoka. Donge lenye ukubwa wa dunia yetu hujibana hadi upana wa makumi ya kilomita, kwa muda usiofika sekunde moja.

Linalolisimamisha ni nyutroni zenyewe, zinapobanana hadi hazibaniki tena. Mata inayoendelea kuanguka hugonga kitu hicho kigumu na kurudi nyuma kwa wimbi la mshtuko. Wimbi hilo peke yake huchoka njiani, na jambo hili liliwasumbua wataalamu wa hesabu za kompyuta kwa miongo kadhaa. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba sehemu ndogo ya nyutrino hunaswa na mata iliyo nyuma ya wimbi, huipasha joto, na wimbi hupata nguvu upya. Ndipo matabaka ya nje yanaporushwa. Karibu asilimia 99 ya nishati yote huondoka na nyutrino. Mwanga unaotushangaza ni makombo.

Wimbi likifaulu, kitovu hubaki kuwa nyota ya nyutroni: uzito unaolishinda Jua ndani ya mpira wa kilomita 20 na kidogo. Likishindwa, au mata nyingi ikirudi kuanguka, uzito hupita kile ambacho nyutroni zinaweza kuhimili, yaani Jua mara mbili na zaidi kidogo. Baada ya hapo hakuna kizuizi kinachojulikana, na kitovu huwa shimo jeusi. Uzito wa kuzaliwa peke yake hauamui, kwa kuwa nyota kubwa hupoteza sehemu ya mwili wake kwa upepo wake yenyewe.

Tofauti ya mabaki haya ilipimwa na setilaiti iliyorushwa pwani ya Kenya, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, na kwa heshima ya siku hiyo ya uhuru wa nchi ikaitwa Uhuru. Katika Centaurus X-3 ilikuta mapigo ya eksirei yanayorudi kila sekunde 4.8 bila kukosea. Huo ni mzunguko wa nyota ya nyutroni, yenye uso mgumu na madoa ya joto. Cygnus X-1 ilimetameta ovyo, bila mapigo ya kawaida. Ukosefu wa mapigo hautoshi kuwa ushahidi, kwa hiyo wanaastronomia waligeukia nyota inayoonekana ikizunguka pamoja nayo. Mwendo wake unadai mwenza asiyeonekana mwenye uzito wa Jua mara 21 hivi, mara kadhaa zaidi ya kikomo cha nyutroni.