Nywila Moja, Mashambulizi Manne

Anayesomea cheti cha Security+ cha shirika la CompTIA hachelewi kukutana na jedwali. Upande mmoja kuna majina ya mashambulizi ya mtandaoni, upande wa pili kinga, na kazi yake ni kuoanisha. Toleo la mtihani liitwalo SY0-701, lililoanza Novemba 2023, lina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na alama ya kufaulu ni 750 katika kipimo kinachoanzia 100 na kuishia 900. Mengine kati ya maswali hayo ni ya vitendo: mtahiniwa huvuta jibu kwa kipanya na kuliweka panapostahili.

Wengi hulikariri jedwali hilo kama mwanafunzi anavyokariri miji mikuu ya Afrika, jina kwa jina. Njia hiyo inatosha pale mashambulizi yanapotofautiana waziwazi. Haitoshi kwa nywila. Kuna mashambulizi manne yanayolenga nywila, kwa mbali yanafanana kabisa, na kinga inayolizima moja haifui dafu mbele ya jingine. Mtungaji wa mtihani analijua hilo, na ndipo anapoweka mitego yake. Nimeyapanga hapa yakiwa na majina yanayoonekana kwenye skrini ya mtihani, nikaongeza safu moja ambayo majedwali mengi huiacha: dalili.

| Jina kwenye mtihani | Dalili | Kinga |
|---|---|---|
| `Brute force` | Akaunti moja, majaribio mengi | Kufunga akaunti, uthibitisho wa hatua mbili |
| `Password spraying` | Akaunti nyingi, nywila moja au mbili | Kukataza nywila zilizozoeleka, uthibitisho wa hatua mbili |
| `Credential stuffing` | Akaunti nyingi, kila moja na nywila yake iliyovuja kwingine | Nywila isiyorudiwa, uthibitisho wa hatua mbili |
| `Rainbow table` | Hakuna majaribio mlangoni. Faili la nywila limeshaibwa | Chumvi, heshi ya polepole |

Shambulizi la kwanza ndilo watu wengi hulifikiria wakisikia neno udukuzi. Mshambuliaji anaichagua akaunti moja na kujaribu nywila moja baada ya nyingine hadi moja ikubali. Namba ya siri ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 tu, na kompyuta isiyozuiwa huimaliza upesi. Kinga yake ni kufunga akaunti. Tuseme chama cha akiba na mikopo kina akaunti 400 kwenye mfumo wake, na kanuni inasema mtu akikosea mara 5 akaunti yake inafungwa kwa dakika 30. Mshambuliaji anabakiwa na majaribio 10 kwa saa, yaani 240 kwa siku. Kuzimaliza namba zote 10,000 kutamchukua zaidi ya siku 41, na kila mara akaunti inapofungwa mfumo unaandika tukio ambalo msimamizi anaweza kuliona.

Kinga hii ina gharama yake. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kukosea makusudi kwenye akaunti zote 400 na kuwafungia nje wafanyakazi wote asubuhi ya siku ya mishahara, bila kuijua nywila hata moja. Kwa hiyo mifumo mingi hufunga kwa muda tu, au hurefusha muda wa kusubiri kila mtu anapokosea tena.

Sasa chukua chama hichohicho na mshambuliaji mwerevu zaidi. Hataki akaunti ya mtu fulani, inamtosha yoyote. Anachagua nywila moja ambayo watu huipenda, kama vile `Karibu2024!`, na kuijaribu mara moja tu kwenye kila akaunti kati ya zile 400. Hakuna akaunti iliyokosewa mara 5, hivyo hakuna inayofungwa. Anasubiri saa moja, hesabu ya makosa inarudi sifuri, kisha anarudi na nywila ya pili. Kwa saa nane za usiku atakuwa amejaribu mara 3,200. Kwenye seva ya Windows kumbukumbu za matukio zitaonyesha tukio namba 4625, la kushindwa kuingia, mara 3,200, ilhali tukio namba 4740, la akaunti kufungwa, halimo hata mara moja. Msimamizi anayetazama akaunti moja moja ataona mtu aliyekosea mara chache, jambo la kawaida. Ataligundua shambulizi akihesabu makosa ya akaunti zote kwa pamoja, kwa kila saa na kwa kila anwani yanakotoka.

Tazama pia kwamba nywila hiyo ina herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama, kwa hiyo inapita masharti ambayo ofisi nyingi huyaweka. Masharti hayo hayaisaidii, kwa kuwa tatizo lake ni kuzoeleka. Kinga inayolenga chanzo ni orodha ya nywila zilizopigwa marufuku, pamoja na uthibitisho wa hatua mbili kwenye kila akaunti. Nasisitiza kila akaunti. Mwishoni mwa Novemba 2023 wadukuzi ambao Microsoft inawahusisha na serikali ya Urusi waliingia katika kampuni hiyo kwa njia hii hii, kupitia akaunti ya zamani ya majaribio ambayo haikuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Kutoka hapo walifika kwenye barua pepe za baadhi ya viongozi wakuu wa kampuni.

Shambulizi la tatu halihitaji kubahatisha. Tovuti moja inapodukuliwa, majina na nywila za wateja wake huuzwa au kumwagwa mtandaoni. Mshambuliaji anachukua kila jina pamoja na nywila yake na kujaribu jozi hiyo kwenye tovuti nyingine, akijua kuwa watu wengi hutumia nywila moja kila mahali. Hapa hata nywila ndefu ya kupendeza haimwokoi mtu, maana mshambuliaji anayo tayari, herufi kwa herufi. Mwaka 2023 kampuni ya vipimo vya vinasaba ya 23andMe ilipatwa na jambo hili. Akaunti zilizofunguliwa moja kwa moja zilikuwa kama 14,000, lakini huduma ya kuwatafuta ndugu iliunganisha akaunti hizo na watu wengine, na taarifa za watu wapatao milioni 6.9 zikachukuliwa. Walio wengi kati ya hao nywila zao hazikuguswa kabisa.

Shambulizi la nne ni la aina nyingine, na wengi huliweka kapu moja na yale matatu. Mshambuliaji haji tena mlangoni. Ameshaiba faili la nywila na anafanya kazi kwenye kompyuta yake, ambako hakuna wa kumfungia akaunti wala wa kumwomba namba ya hatua ya pili.

Ili kulielewa, ni lazima tujue mfumo huhifadhi nini. Mfumo uliotengenezwa vizuri hauiweki nywila yenyewe. Huweka heshi yake, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu uliokokotolewa kutoka kwenye nywila, ambao kanuni yake hairudi nyuma. Mwenye kompyuta ya Linux anaweza kujionea:

```
echo -n 123456 | sha1sum
7c4a8d09ca3762af61e59520943dc26494f8941b  -
```

Jibu hilo ni lilelile popote duniani, na huo ndio udhaifu. Mtu anaweza kukokotoa mapema heshi za nywila nyingi mno, akazihifadhi kwa mpangilio, kisha akawa anatafuta tu. Mwaka 2003 Philippe Oechslin wa Lausanne, Uswisi, alionyesha namna ya kubana majedwali hayo yasijaze diski. Kwa data ya gigabaiti 1.4 alizipata karibu zote za nywila za Windows za mtindo wa zamani zenye herufi na tarakimu, kila moja kwa wastani wa sekunde 13.6.

Kinga yake huitwa chumvi. Kabla ya kukokotoa heshi, mfumo huongeza kwenye nywila mfuatano wa bahati nasibu, tofauti kwa kila mtumiaji. Watu wawili wenye nywila `123456` sasa wana heshi mbili zisizofanana, na jedwali lililoandaliwa mapema halina kazi. Chumvi si siri. Hukaa wazi kando ya heshi, hata mwizi akiiona. Faida yake ni kumlazimisha aanze hesabu upya kwa kila mtu. LinkedIn haikuitumia. Mwaka 2012 heshi zake zipatazo milioni 6.5 za aina ya SHA-1 ziliwekwa mtandaoni, na nyingi zikafumbuliwa upesi. Mwaka 2016 ikajulikana kuwa zilizoibwa zilikuwa zaidi ya milioni 100.

Hata hivyo chumvi peke yake ina mpaka. Mwizi anayemtaka mtu mmoja tu bado anaweza kuijaribu heshi ya mtu huyo kwa kubahatisha, na SHA-1 ni nyepesi mno kwa kadi za michoro za leo. Hivyo chumvi huambatana na heshi iliyofanywa polepole makusudi, kama bcrypt ya mwaka 1999 au Argon2, iliyoshinda shindano la kimataifa la heshi za nywila mwaka 2015. Bcrypt ikipewa kiwango cha 12 hurudia hatua yake nzito mara 4,096. Mtumiaji anayeingia mara moja hahisi chochote. Mwizi anayetaka kujaribu mabilioni anakwama.

Kwa mtahiniwa, maswali mawili hutenganisha mistari yote minne. La kwanza: mshambuliaji yuko mlangoni, au tayari ana faili? Kama ana faili, tafuta chumvi. Kama yuko mlangoni, uliza la pili: kila akaunti imejaribiwa mara ngapi, na kwa nywila ipi? Swali likisema akaunti 400 zimekosewa mara moja moja ndani ya dakika chache, zote kwa nywila ileile, na kati ya majibu kuna kufunga akaunti baada ya makosa 5, liache hata kama linakuvutia.

Na wewe unayetunza mfumo wa shule, duka au chama, usisubiri mtihani. Endesha swali hili kwenye hifadhidata yako, ukibadilisha majina yalingane na ya kwako:

```
SELECT heshi, COUNT(*) FROM watumiaji
GROUP BY heshi HAVING COUNT(*) > 1;
```

Likirudisha hata mstari mmoja, kuna watu wawili wenye heshi moja, na nywila zako hazina chumvi. Anza na hilo.