Beta Ndogo ya Kiwanda cha Saruji

Kampuni ikikopa benki, bei ya fedha hizo imeandikwa kwenye mkataba. Kuna riba, kuna tarehe ya kulipa, na asiyelipa hupelekwa mahakamani. Mwanahisa hana mkataba wa namna hiyo. Hutoa fedha zake, akasubiri gawio ambalo hakuna aliyemwahidi, na kampuni ikifilisika yeye ndiye wa mwisho kwenye foleni. Kwa sababu hakuna anayemdai mkurugenzi riba ya fedha hizo, ni rahisi kuzichukulia kuwa za bure. Si za bure hata kidogo. Bei yake ni faida ambayo mwanahisa angeipata kwingine kwa kubeba hatari inayolingana na hii, na mradi usioweza kufikia faida hiyo unamla mwanahisa hata kama vitabu vinaonyesha faida.

Faida hiyo haionekani popote, kwa hiyo hukadiriwa. Njia inayotumika zaidi duniani ilitokana na makala ya Mmarekani William Sharpe ya mwaka 1964, naye akapata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 1990 pamoja na Harry Markowitz na Merton Miller. Njia yenyewe hufupishwa CAPM, na inaingia kwenye mstari mmoja:

Gharama ya mtaji wa wanahisa = riba isiyo na hatari + beta × nyongeza ya soko

Riba isiyo na hatari ni ile anayolipwa mtu aliyeikopesha serikali, yaani riba ya hatifungani ya Hazina ya muda mrefu. Nyongeza ya soko ni kile ambacho wawekezaji hudai juu ya riba hiyo ili wakubali kushika hisa za soko zima badala ya hatifungani. Namba hizi mbili ni za kila mtu. Inayobadilika kutoka kampuni hadi kampuni ni beta peke yake, na ndiyo maana ubishi wote huishia hapo.

Beta inapima jinsi hisa inavyofuata mwendo wa soko. Hisa yenye beta ya 1 hupanda na kushuka pamoja na soko kwa kiasi kilekile. Yenye beta ya 1.2, soko likipanda kwa asilimia 10, kwa wastani hupanda kwa asilimia 12, na soko likianguka nayo huanguka zaidi. Tazama vizuri kile ambacho beta haipimi. Moto ukiunguza ghala, au mhasibu akitoroka na fedha, hisa itaporomoka, lakini hasara hiyo haina uhusiano na soko. Hoja ya Sharpe ilikuwa kwamba mwekezaji anaweza kuikwepa hatari ya aina hiyo kwa kushika hisa za kampuni nyingi, na soko halimlipi mtu kwa kubeba mzigo ambao angeweza kuutua. Hulipa kwa hatari isiyokwepeka, ile inayozipiga kampuni zote kwa pamoja: riba kupanda, shilingi kuanguka, uchumi kulala.

Sasa tuchukue kiwanda cha saruji cha kubuni, kilichoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Kinataka kutumia shilingi milioni 100 za wanahisa kujenga tanuri jipya. Baada ya kodi na madeni yote, tanuri litawaachia wanahisa shilingi milioni 18 kila mwaka, kwa miaka mingi ijayo. Tuseme hatifungani ya Hazina inalipa asilimia 13, na nyongeza ya soko ni asilimia 6. Beta inabaki kutafutwa.

Mchambuzi hukusanya mabadiliko ya bei ya hisa na ya faharasa ya soko, kwa kawaida mwezi kwa mwezi kwa miaka mitano. Sisi tutumie miezi sita tu ili hesabu ionekane. Katika miezi hiyo soko lilipanda asilimia 4, likapanda 2, likashuka 3, likashuka 5, likapanda 3, kisha likapanda 5. Saruji hutegemea ujenzi, na ujenzi hutegemea uchumi, kwa hiyo tuseme beta halisi ya kiwanda ni 1.2. Kama hisa zake zingekuwa zinauzwa kila siku, bei ingepanda asilimia 4.8 mwezi wa kwanza, 2.4 mwezi wa pili, na kuendelea hivyo kwa uwiano uleule.

Lakini hisa za kiwanda hiki haziuzwi kila siku. Mwezi wa pili na wa nne hakuna hata moja iliyobadilisha mikono. Soko huandika bei ya mwisho iliyojulikana, yaani huandika kwamba bei haikubadilika. Muuzaji anapojitokeza mwezi unaofuata, bei huruka na kubeba mabadiliko ya miezi miwili kwa mpigo. Kwa kujumlisha asilimia kwa urahisi, rekodi ya hisa inakuwa hivi: 4.8, 0, −1.2, 0, −2.4, 6. Mwezi wa nne, ambao soko lilianguka kuliko miezi yote, kwenye karatasi hisa hii haikutikisika.

Beta hupatikana hivi. Tafuta wastani wa mabadiliko ya soko. Hapa ni asilimia 1. Toa wastani huo kwenye kila mwezi upate 3, 1, −4, −6, 2 na 4. Zidisha kila moja kwa badiliko la hisa la mwezi huohuo na ujumlishe: inakuja 38.4. Kisha zidisha kila moja kwa yenyewe na ujumlishe: inakuja 82. Gawanya 38.4 kwa 82, na beta inatoka 0.47.

Kiwanda chenye beta ya 1.2 kimeonekana kuwa na 0.47. Hakuna aliyedanganya, na kila bei ni ya kweli kama ilivyoandikwa. Ukimya wa soko umehesabiwa kuwa utulivu.

Peleka namba hiyo kwenye kikao cha bodi. Asilimia 13, ongeza 0.47 mara 6, inakuwa karibu asilimia 15.8. Milioni 18 kwa mwaka zikigawanywa kwa kiwango hicho zina thamani ya karibu milioni 114. Gharama ni milioni 100, kwa hiyo bodi inapiga kura ya ndiyo. Kwa beta halisi ya 1.2, gharama ya mtaji ni asilimia 20.2, na milioni 18 zilezile zina thamani ya karibu milioni 89. Tanuri linawapotezea wanahisa milioni 11 tangu siku linapowashwa, na hakuna ukurasa wa vitabu vya hesabu utakaoandika hasara hiyo.

Kosa hili linajulikana tangu zamani. Elroy Dimson alipendekeza mwaka 1979 kwamba badiliko la hisa lilinganishwe na la soko la mwezi huo na pia ya miezi inayoupakana, kisha beta hizo zijumlishwe, ili mwitikio uliochelewa nao uhesabiwe. Husaidia, lakini hisa ikikaa kimya muda mrefu mno hata njia hiyo hukosa cha kushika. Hapo mimi huona ni afadhali kuiacha historia ya hisa hiyo na kuangalia sekta: kuchukua beta za viwanda vya saruji vinavyouzwa sana katika masoko makubwa, kuziondolea athari ya madeni yao, na kuirudishia athari ya madeni ya kiwanda chetu. Tuseme sekta bila madeni ina beta ya 0.8, na kiwanda chetu kina deni sawa na nusu ya mtaji wa wanahisa. Kodi ya kampuni Kenya ni asilimia 30, kwa hiyo:

0.8 × (1 + 0.7 × 0.5) = 1.08

Deni limeipandisha beta kwa sababu wenye mikopo hulipwa kwanza, na mtikisiko wote unaobaki humwangukia mwanahisa. Kwa beta hii gharama ya mtaji ni karibu asilimia 19.5, na tanuri lina thamani ya milioni 92 hivi. Jibu bado ni hapana. Njia hii nayo ni makadirio, lakini haigeuzi ukimya kuwa usalama.

Kuna tatizo la pili katika masoko yetu, nalo ni faharasa yenyewe. Faharasa ya hisa zote za Nairobi hupima kampuni kwa ukubwa wa thamani yake, na tangu Safaricom iorodheshwe mwaka 2008 imekuwa kubwa kiasi kwamba ikikohoa faharasa nzima huugua. Beta ya benki ndogo iliyopimwa dhidi ya faharasa hiyo kwa sehemu kubwa inaeleza jinsi benki hiyo inavyofanana na kampuni moja ya simu. Dar es Salaam nako kuna faharasa mbili, moja ikijumuisha kampuni zilizoorodheshwa pia kutoka Nairobi na nyingine kampuni za Tanzania tu. Hisa moja inaweza kupata beta mbili tofauti siku hiyohiyo.

Hata Marekani, ambako hisa huuzwa kila sekunde, modeli hii imepata majeraha. Eugene Fama na Kenneth French walionyesha mwaka 1992 kwamba beta peke yake ilieleza kidogo sana tofauti za faida kati ya hisa za huko kuanzia 1963. Bado hutumiwa, na nadhani ni sawa itumike, kwa sababu inamlazimisha mkurugenzi kuitaja bei ya fedha za wanahisa waziwazi. Kinachoudhi ni kuiona beta imeandikwa kwenye ripoti kwa tarakimu mbili baada ya nukta, pasipo kutajwa kwamba ni makadirio. Ukikuta beta ya 0.8 yenye kosa la kawaida la 0.4, ujue beta halisi inaweza kuwa popote kati ya sifuri na 1.6. Kwa mfano wetu hiyo ni tofauti ya asilimia 13 na asilimia 22.6.

Na kwa mwenye hisa za kampuni moja tu, kama walivyo wengi walioingia sokoni kwa mara ya kwanza wakati wa uuzaji wa hisa za Safaricom, beta ni nusu ya habari. Modeli ilidhani ameshatawanya fedha zake, na yeye hajafanya hivyo. Moto wa ghala na mhasibu mtoro bado ni hatari zake, na hakuna anayemlipa kwa kuzibeba.

Kwa hiyo dalali akikuambia hisa fulani ni salama kwa kuwa beta yake ni ndogo, muulize mambo matatu kabla ya kutia saini: beta hiyo imepimwa dhidi ya faharasa gani, kosa lake la kawaida ni kiasi gani, na katika kipindi kilichopimwa hisa hiyo ilikaa siku ngapi bila kuuzwa. Asipojua jibu la swali la tatu, usinunue kwa sababu ya beta.