Posti 12 za Desemba, kikao kimoja

Mwenye saluni ndogo husuka, hupokea simu, hununua rasta na kugombana na luku, yote kwa siku moja. Kumwambia aposti kila siku ni kumwongezea mzigo utakaomshinda wiki ya pili. Posti tatu kwa wiki zinatosha, na zote 12 za mwezi zinaweza kuandaliwa kwa kikao kimoja cha saa moja na nusu, Jumatatu asubuhi wateja wakiwa wachache.

Kikao hicho kianze na viti, simu ingojee kwanza. Tuchukue saluni ya Sinza, Dar es Salaam, yenye wasusi watatu. Kichwa kimoja cha rasta ndogo ndefu huchukua saa nne hadi sita, hivyo msusi mmoja humaliza vichwa viwili kwa siku, na saluni nzima sita. Kuanzia tarehe 20 hadi 24 Desemba, wanaosafiri kwenda Moshi au Mbeya na wanaobaki mjini wote wanataka nywele mpya, lakini nafasi ni 30 tu. Ukitangaza tarehe 21 unaita watu utakaowarudisha nyumbani wamenuna. Posti inapaswa kutangulia kiti kwa wiki moja au mbili.

Kwa hesabu hiyo mwezi unajipanga wenyewe. Wiki ya kwanza shule zinafungwa, kwa hiyo posti tatu ziwe za watoto: twende kilioni, mabutu, na saa tulivu za Jumanne na Jumatano ambapo mama anaweza kuleta wawili kwa pamoja. Wiki ya pili ni ya kuuza zile nafasi 30: onyesha mitindo miwili ya sikukuu, kisha posti ya tatu itaje tarehe zilizo wazi na kiasi cha kutanguliza ili kushika nafasi. Wiki ya tatu tangaza nafasi zilizobaki, halafu jibu maswali mawili yanayoulizwa kila siku kitini, kwa mfano kama bei ni pamoja na rasta, na kama mteja aje amekwisha kuosha nywele. Wiki ya nne viti vimejaa. Posti zifundishe kufunga kitambaa usiku, kutunza ngozi ya kichwa safarini, na lini kurudi Januari kufumua.

Picha zisipigwe siku ya kikao, kwani siku hiyo hakuna kichwa cha kupiga. Zikusanywe mwezi mzima uliotangulia, kila kazi nzuri ikiisha. Chagua sehemu moja karibu na mlango, penye mwanga wa nje na ukuta mtupu, futa kioo cha kamera, kisha piga tatu: ubavuni, kisogoni, na kwa karibu mistari ionekane. Picha ya kisogo haihitaji sura, na wateja wengi huikubali kwa urahisi. Hata hivyo omba ruhusa, na kwa mtoto muulize mzazi. Ziweke kwenye albamu yake ili Jumatatu usizitafute katikati ya picha za familia.

Maelezo yataje mtindo, muda, bei na mahali. Mfano: “Rasta ndogo za kiunoni, saa tano, bei hii ni pamoja na rasta, Sinza. Nafasi: tarehe 20 na 22 asubuhi.” Bei iandikwe palepale. Ukiandika “njoo inboksi”, utajibu swali moja mara 40 huku mikono imejaa mafuta, na wengi watakaouliza hawatakuja.

Posti za Instagram na Facebook hupangwa bure kwa Meta Business Suite: unaweka picha, tarehe na saa, zinatoka zenyewe. Stetasi ya WhatsApp ni ya kuweka kwa mkono, nayo hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo weka kengele ya simu na urudie picha ileile ya siku hiyo. Kwa kawaida ataiona mteja aliyehifadhi namba yako, nawe ukihifadhi yake. Hakikisheni mmehifadhiana kabla hajatoka.

Mwisho wa mwezi usihesabu “laiki”, maana nyingi hutoka kwa wasusi wenzako. Weka daftari kaunta, umuulize kila mteja mpya ametuona wapi, uandike na mtindo alioutaka. Posti iliyopendwa na wengi bila kuleta mtu kitini haina haja ya kurudiwa Januari. Iliyoleta wateja watatu irudie hivyohivyo, ubadilishe picha na tarehe tu.