Barua ya Mpiga Picha kwa Maharusi: Kitakachosafishwa na Kitakachobaki

Barua ya kueleza uhariri wa picha hutumwa kwa maharusi pamoja na mkataba, kabla ya malipo ya awali. Kazi yake ni kutenganisha mambo matatu ambayo wateja wengi huyahesabu kuwa ni moja: kurekebisha mwanga na rangi, kusafisha ngozi, na kuondoa vitu vilivyoingia kwenye picha bila kutakiwa. Mpiga picha huyatenganisha kwa sababu ya muda. Chukua harusi ya ukumbini Dar es Salaam yenye picha 500 za kukabidhi. Mwanga na rangi huhitaji dakika moja au mbili kwa kila picha, jumla saa 8 hadi 17. Usafishaji wa kina wa picha moja unaweza kula nusu saa. Picha zote 500 zikifanyiwa hivyo, ni saa 250, zaidi ya wiki sita za kazi ya saa 40 kwa wiki. Kwa hiyo barua husema wazi: picha zote zitarekebishwa mwanga na rangi, na zile 30 ambazo maharusi watazichagua kwa ajili ya albamu ndizo zitakazosafishwa kwa kina.

Marekebisho ya mwanga na rangi huanzia kwenye faili aina ya RAW, ambayo hutunza kile kamera ilichokipokea kabla ya kukibana. Kamera nyingi za kazi hii hutunza ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, ilhali picha ya JPEG ina ngazi 256 tu. Nafasi hiyo ndiyo inayowezesha uso uliotoka na giza kuinuliwa bila kuchafuka. Lakini nafasi hiyo ina mwisho. Gauni jeupe likipigwa na jua kali la mchana hadi kamera ikashindwa kulipima, nakshi zake hazikurekodiwa kabisa, na hakuna uhariri utakaozirudisha. Tatizo la pili ni taa za buluu na zambarau ambazo wapambaji huzielekeza jukwaani. Ngozi iliyomulikwa na buluu peke yake haikurudisha rangi nyekundu kwenye kamera, hivyo hudhurungi yake haipo ya kurekebishwa. Mara nyingi picha ya namna hiyo huokolewa kwa kuigeuza nyeusi na nyeupe. Mpiga picha mwenye kujali huliandika hili mapema, ili maharusi wamwombe mpambaji abadili taa hizo ziwe nyeupe wakati wa kuingia ukumbini na kukata keki. Sentensi hiyo moja huokoa picha nyingi kuliko saa nyingi za kompyuta.

Kwenye ngozi, kanuni inayofaa ni kwamba kinachopita huondolewa na kisichopita hubaki. Chunusi iliyotokea wiki ya harusi, mkwaruzo wa wembe shingoni mwa bwana harusi, mng'ao wa jasho pajini mwa uso na wanja uliomwagika hufutwa bila kuombwa. Kovu la utotoni, alama ya kuzaliwa, chale na mwanya havifutwi isipokuwa mwenyewe ameomba kwa maandishi. Neno "mwenyewe" lina uzito hapa, kwa kuwa maombi ya kumbadilisha bibi harusi huletwa pia na mashangazi na mawifi, na barua humlinda kwa kusema kwamba uso wake hauguswi kwa ombi la mtu mwingine.

Barua inapaswa pia kusema kwamba ngozi haitafanywa nyeupe kuliko ilivyo. Kosa hili hutokea hata bila kukusudia, mhariri anapoinua mwanga wa uso peke yake ili usimezwe na weupe wa gauni. Kulitambua ni rahisi: linganisha uso na shingo na mikono katika picha ileile. Ulainishaji uliozidi nao hujulikana kwa kukuza picha hadi ukubwa wake kamili. Vinyweleo vikiwa vimepotea na ngozi ikaonekana kama plastiki, kazi imepitiliza. Kwa maharusi wa Pwani kuna jambo la ziada. Mikono iliyochorwa hina na piko haipaswi kulainishwa pamoja na uso, maana kingo za maua hufifia.

Kuondoa vitu ndiko kunakoleta mabishano zaidi, kwa sababu ugumu wake hautokani na ukubwa wa kitu bali na kilicho nyuma yake. Programu haijui ukuta ulikuwaje nyuma ya soketi. Huazima sehemu ya jirani na kuifunikia hapo. Mfano ni picha ya familia iliyopigwa mbele ya jukwaa. Soketi iko kwenye ukuta wa rangi moja, na huondoka kwa sekunde chache. Chupa ya maji imesimama kwenye kitambaa cheupe, nayo huondoka vizuri, ila kivuli chake lazima kiondoke pamoja nayo. Kikibaki, mtazamaji huona kivuli kisicho na mwenyewe. Waya mweusi umekatiza pazia lililokunjwa marinda, na kila rinda lina mwanga wake, hivyo kazi hufanywa rinda kwa rinda kwa dakika 20 au zaidi. Mwisho kuna mhudumu aliyesimama nyuma ya shela ya bibi harusi, anaonekana kupitia matundu ya kitambaa. Huyo hawezi kuondolewa bila kuichora shela upya, na barua huweka kazi ya aina hiyo nje ya bei. Kazi mbovu hujulikana kwa ua lilelile la pambo kurudiwa mara mbili kando kwa kando, au mstari wa vigae kukatika ghafla.

Macho yaliyofumbwa yana njia yake. Katika picha za kundi, mpiga picha hupiga mara kadhaa mfululizo bila kusogeza kamera, kisha kichwa cha mjomba aliyepepesa huchukuliwa kutoka picha iliyofuata. Kama hakuna picha ya pili, hakuna pa kuazima macho.

Watu ni suala jingine. Mhudumu au mpita njia huweza kuondolewa, lakini mgeni au ndugu aliyehudhuria haondolewi kama kreti la soda. Picha za harusi ni kumbukumbu ya waliokuwepo, na ni sawa barua kudai kibali cha maharusi wote wawili kabla ya jambo hilo. Kupunguza tumbo au mikono kwa kawaida hakumo katika bei, kwa kuwa mwili ukivutwa, nguzo na fremu za milango iliyo karibu hupinda nao.

Aya ya mwisho hupanga utaratibu wa maombi. Maharusi hupokea picha 30 zilizosafishwa na kuleta marekebisho kwa awamu moja, katika orodha moja waliyokubaliana, wakitaja namba ya faili na sehemu inayohusika, kwa mfano "DSC_0412, toa waya juu ya bega la kushoto la baba". Maelezo kama "ifanye ipendeze" hayafanyiki kazi. Maombi ya ziada hutozwa kwa picha, kwa bei iliyoandikwa humohumo. Mpiga picha naye huahidi kutunza faili za RAW kwa muda anaoutaja, ili mwenye kovu akijutia kufutiwa kovu lake aweze kurudishiwa picha yake ilivyokuwa.