GPS ya Mkononi Haitoshi Kukata Mpaka

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita za mraba 400. Ukisogeza uzio mita 3 upande mmoja, umechukua mita za mraba 60 za jirani. Na mita 3 ndizo GPS ya mkononi inazoweza kukosea hata pale penye uwazi, anga ikionekana pande zote. Chini ya mwembe au karibu na ukuta na paa la bati, mawimbi ya setilaiti huzuiwa au hugonga kwanza huko ndipo yafike kwenye kifaa, na kosa huongezeka.

Kioo kikiandika ±3 m, usidhani hapo ndipo mwisho wa kosa. Hayo ni makadirio ya kifaa chenyewe. Kipimo cha kweli ni bikoni ambayo bado imesimama mahali pake. Weka kifaa juu yake, subiri namba zitulie, kisha uzilinganishe na zile za ramani ya upimaji. Tuseme ramani inaishia na 240 upande wa mashariki na 310 upande wa kaskazini, nacho kifaa kinasoma 243 na 306. Umepishana mita 3 huku na 4 kule, na ukizipiga hesabu ya pembetatu mraba, uko mita 5 kutoka bikoni unayoikanyaga. Rudia baada ya saa moja au zaidi. Kosa la setilaiti litakuwa limebadilika.

Kosa lisipobadilika, tena likawa la karibu mita 300, setilaiti hazina hatia. Ramani nyingi za zamani Tanzania na Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali kifaa huja kimewekwa WGS 84. Badili mfumo huo kwenye mipangilio ya kifaa, kisha upime tena palepale.

Kazi ambayo kifaa hiki kinaiweza ni kukufikisha karibu na bikoni iliyofukiwa. Ingiza namba zake, fuata mshale. Ukikaribia, mshale huanza kuzunguka hovyo, maana umbali uliobaki ni mdogo kuliko kosa lenyewe. Simama hapo, chora duara la mita 5, ufyeke na kuchimba taratibu.

Kama bikoni mbili za jirani zipo, futi kamba itakusaidia zaidi. Katika kiwanja chetu, kona iliyopotea iko mita 20 kutoka bikoni ya karibu na mita 28.28 kutoka ile ya mkabala. Watu wawili wakivuta kamba hizo zikiwa zimenyooka, zinakutana mahali pamoja upande wa kiwanja.

Usipoikuta bikoni hapo, usisimike nguzo yako. Kurudisha bikoni ni kazi ya mpima ardhi aliyesajiliwa, na jirani awepo siku hiyo.