Hali ya Ndegeni: Kinachozimika na Kinachoruhusiwa Kurudi

Ukigusa alama ya ndege kwenye simu, simu haizimi kila kitu. Inasoma orodha. Simu za Android zina orodha mbili, na ndizo zinazoeleza jambo zima. Ya kwanza inaitwa airplane_mode_radios. Humo yameorodheshwa mawimbi ambayo simu huyafunga mara Hali ya ndegeni inapowashwa: cell, yaani mtandao wa simu, kisha bluetooth, wifi, na mengine kutegemea toleo la simu. Ya pili inaitwa airplane_mode_toggleable_radios, na hii hutaja yale ambayo mwenye simu anaruhusiwa kuyafungua tena bila kuitoa simu katika hali hiyo. Humo utakuta bluetooth na wifi. Neno cell halimo.

Ndiyo maana ukiwa na Hali ya ndegeni unaweza kuwasha Wi-Fi ukaperuzi utakavyo, lakini hakuna kitufe cha kurudisha mnara. Kama simu yako ina laini mbili, zote mbili hukatika. Anayekupigia ataambiwa hupatikani, kama vile umezima simu kabisa.

Kwa nini mnara pekee ndio unaofungiwa namna hiyo? Sababu ni nguvu na umbali. Simu inayotumia mtandao wa 2G inaweza kurusha mawimbi kwa nguvu inayofikia wati 2, na kwenye 4G hufikia takriban wati 0.2. Bluetooth ya vipokea sauti hutumia sehemu ndogo sana ya wati moja, kwa sababu inazungumza na kitu kilichoko masikioni mwako. Simu hurekebisha nguvu yake kulingana na jinsi mnara unavyoisikia: mnara ukiwa jirani hunong'ona, ukiwa mbali hupaza sauti. Sasa iweke simu hiyo kilomita 10 juu ya ardhi, ndani ya bomba la chuma linalokwenda kilomita 13 hivi kila dakika. Antena za minara zimeelekezwa kwa watu walio chini. Simu inatafuta, inapaza, inakosa, inatafuta tena.

Wengi wetu tumewahi kusikia ule mlio wa tik-tik-tik kwenye spika ya redio sekunde chache kabla ya simu ya 2G kuita. Mlio wa aina hiyo unaweza kuingia pia katika vipokea sauti vya rubani wakati anasikiliza maelekezo ya waongozaji wa ndege. Hauangushi ndege, ila hakuna anayetaka neno moja la maelekezo ya kutua lipotee. Hata hivyo, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipopiga marufuku simu za mkononi angani mwaka 1991, ilikuwa inaihofia zaidi mitandao ya ardhini. Simu iliyoko juu huonekana na minara mingi kwa wakati mmoja, ikaziba nafasi ya watumiaji wengine walioko chini. Mwaka 2013 mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA, ililegeza masharti ili abiria watumie vifaa vyao safari nzima, kuanzia mlango wa kuondokea hadi wa kufikia, mradi mtandao wa simu umefungwa. Wi-Fi ya ndege na Bluetooth zikaruhusiwa pale shirika la ndege linaporidhia.

Tumfuate abiria anayetoka Dar es Salaam kwenda Maskati kwa ndugu zake. Kabla ya kuruka, vipokea sauti vyake vya Bluetooth viko masikioni. Anawasha Hali ya ndegeni na muziki unaendelea. Miaka ya nyuma ungekatika, akalazimika kuiwasha Bluetooth upya. Kuanzia Android 11, simu ikiona vipokea sauti vimeunganishwa huiacha Bluetooth ilivyo, na iPhone huiacha tangu iOS 11. Simu za sasa pia hukumbuka. Ukiwasha Wi-Fi leo ukiwa katika hali hii, safari ijayo inaweza kubaki imewaka bila kukuuliza. Basi mhudumu akitaka mawimbi yote yafungwe, usiitegemee alama ya ndege peke yake. Tazama alama ya Wi-Fi na ya Bluetooth, uzizime moja moja.

Anatua Maskati. Anaogopa gharama za kutumia laini ya nyumbani ugenini, hivyo anaiacha simu katika Hali ya ndegeni na kuwasha Wi-Fi tu. Ni uamuzi mzuri. WhatsApp inafunguka kwa namba yake ileile ya Tanzania, maana akaunti ilishasajiliwa zamani na haihitaji mnara ili ipokee ujumbe. Tatizo linaanza Wi-Fi ya mahali fulani inapomwambia aingize namba ya simu atumiwe msimbo kwa meseji. Meseji hupita kwenye mtandao wa simu, na mtandao huo ndio aliouzima. Msimbo wa benki nao hautafika. Utasubiri kwa kampuni ya simu hadi laini irudi hewani, na huenda wakati huo muda wake umekwisha. Akijaribu *150*00# ili atume pesa, haitakwenda, kwa kuwa nayo husafiri kwa mnara na si kwa intaneti.

Njia ya kutoka ni hii: afungue kwanza mipangilio ya mtandao wa simu, azime data, ndipo aondoe Hali ya ndegeni kwa dakika chache hadi meseji iingie, kisha airudishe. Akikosea mpangilio huo, simu hukimbilia data mara tu inaponasa mnara wa ugenini, na programu zote zilizokuwa zikisubiri zitaanza kupakua kwa bei ya ugenini. Katika dakika hizo asipokee simu pia, kwa kuwa simu inayoingia ugenini kwa kawaida hulipiwa na anayeipokea.

Ipo njia ya katikati, kwa wale ambao kampuni yao ya simu inaitoa: kupiga simu kupitia Wi-Fi. Simu hujitambulisha kwa kampuni kwa kutumia laini iliyomo ndani yake, lakini mazungumzo hupitia intaneti. Hivyo hata ukiwa na Hali ya ndegeni unaweza kupigiwa kwa namba yako ya kawaida, na mara nyingi meseji nazo huingia. Uliza gharama kabla ya kuitumia ukiwa nje ya nchi.

GPS ni habari tofauti, kwa kuwa hairushi chochote. Husikiliza tu setilaiti zilizoko takriban kilomita 20,000 juu, na kwenye simu nyingi za sasa Hali ya ndegeni haiigusi. Abiria wetu angeweza kuona angani jinsi Unguja inavyopita chini yake, mradi alishapakua ramani nyumbani. Kinachokosekana ni msaada wa intaneti. Kwa kawaida simu huchukua mtandaoni taarifa za mahali setilaiti zilipo; bila mtandao inabidi izisikilize kutoka kwa setilaiti zenyewe, na kila setilaiti huchukua sekunde 30 kumaliza kuzitangaza. Mawimbi yakikatika katikati, inasubiri mzunguko mwingine. Kwa hiyo kaa dirishani, fungua ramani ndege ikiwa bado haijaanza kutembea, na iache simu karibu na kioo hadi ile nukta ya buluu itulie. Kwenye kiti cha kati, mwili wa ndege huzuia sehemu kubwa ya mawimbi hayo dhaifu, na nukta inaweza kubaki Dar es Salaam safari nzima.